Herufi Yenye Kazi Mbili

Neno "kwa" halina ubaya wowote. Lakini kwenye kibodi iliyopangwa kwa mtindo mmoja unaopendwa sana na watu wa kompyuta, mtu akiliandika kwa kidole kizito kidogo, ukurasa aliokuwa akiusoma kwenye kivinjari unafungwa ghafla. Akiandika "kazi", barua nzima inaweza kupotea na kubaki "zi" peke yake juu ya karatasi nyeupe. Akianza sentensi kwa "alisema", skrini inajifunga na kumtaka aingize nywila. Si virusi, na kibodi haijaharibika. Imefanya kile ilichoagizwa, ila imekisia vibaya.

Mtindo wenyewe unaeleweka kwa urahisi. Kwenye kibodi ya kawaida kuna vitufe vya herufi, na kuna vitufe ambavyo peke yake haviandiki kitu bali vinageuza kazi ya vingine: Shift, Ctrl, Alt, na kile chenye alama ya Windows ambacho hapa nitakiita Win. Hivi vya pili vimewekwa pembeni na chini, mahali ambapo kidole kidogo cha mwisho, kilicho dhaifu kuliko vyote, kinalazimika kujinyoosha kuvifuata. Anayeandika siku nzima hunyoosha kidole hicho mara nyingi sana, na wengine huishia na maumivu ya kiganja. Ndipo likaja wazo la kuvileta vitufe hivyo pale vidole vilipo tayari, yaani kwenye safu ya kati ya A S D F upande wa kushoto na J K L na nukta mkato upande wa kulia. Ukigonga F na kuiachia, unapata herufi f. Ukiishikilia, inakuwa Shift mpaka uiachie. Kitufe ni kimoja, kazi ni mbili.

Kwa wenye kibodi ndogo zile za vipande viwili, hili limekuwa hitaji kabisa. Kibodi iitwayo Corne ina vitufe 42 tu, na nyingine zina 34. Ukishaweka herufi zote, nafasi inayobaki haitoshi kupanga Ctrl na wenzake wote kila mkono. Kibodi za aina hii huwa na kompyuta ndogo ndani yake inayoendesha programu kama QMK au ZMK, na programu hizo ndizo zinazoamua kila mguso una maana gani kabla kompyuta kubwa haijapata habari.

Mpangilio uliozoeleka zaidi, kutoka kidole kidogo kuja ndani, ni Win kwenye A, Alt kwenye S, Ctrl kwenye D na Shift kwenye F. Mkono wa kulia ni kama kioo cha wa kushoto: Shift kwenye J, Ctrl kwenye K, Alt kwenye L na Win kwenye nukta mkato. Kwa anayeandika Kiswahili, ubishi wangu ni na mpangilio huu. Lakini ili ubishi ueleweke, lazima kwanza tuone kibodi inakisia vipi.

Kibodi ya kawaida haikisii. Kitufe kinapogusa chini tu, herufi imekwenda. Kitufe chenye kazi mbili hakiwezi kufanya hivyo, kwa sababu wakati kidole kinashuka hakuna anayejua kama kitapanda upesi au kitakaa. Kwa hiyo kibodi inasubiri. Kwenye QMK, muda wa kusubiri usipoubadili ni milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Ukiachia kabla ya hapo, ni herufi. Ukipitisha, ni Shift au Ctrl au chochote ulichokiweka.

Ingekuwa tunagonga kitufe kimoja, tunakiachia, kisha tunagonga kingine, saa hiyo peke yake ingetosha. Hatuandiki hivyo. Mtu mwenye mazoea hubonyeza herufi ya pili wakati ya kwanza bado haijapanda. Chukua "al" ya "alisema". A inashuka kwenye sifuri. L inashuka baada ya milisekunde 90. A inapanda kwenye 120, L inapanda kwenye 170. Vidole vimepishana, kimoja kimemfuata mwenzake kama ilivyo desturi ya kuandika. Sasa mtu yuleyule amechoka, au amepumzika akitafuta neno, na kidole chake kidogo kimezembea: A kwenye sifuri, L inashuka kwenye 90 na kupanda kwenye 170, A inapanda kwenye 185. Safari hii L imeshuka na kupanda yote ndani ya A. Tofauti ya maandiko haya mawili ni milisekunde 65 za kidole kimoja, na mwandishi mwenyewe hakuhisi lolote.

Kwa kanuni ya saa tupu, yote mawili ni "al", maana A iliachiwa kabla ya 200. Ubaya wa kanuni hiyo ni kwamba inakulazimisha kusubiri kila unapotaka herufi kubwa au amri, na anayeandika haraka hawezi kuvumilia. Kwa hiyo wengi huwasha kanuni ya pili, inayoitwa `PERMISSIVE_HOLD` kwenye QMK na `balanced` kwenye ZMK. Kanuni hii inasema kwamba kitufe kingine kikishuka na kupanda chote ndani ya kitufe chenye kazi mbili, basi cha nje kilikusudiwa kushikiliwa, hata kama saa haijafika. Ni kanuni nzuri, na mimi nisingeishi bila hiyo. Ila kwa kanuni hii andiko la pili hapo juu si "al" tena. Ni Win pamoja na L, na kwenye Windows hiyo ndiyo amri ya kufunga skrini.

Kuna kinga mbili zilizobuniwa kupunguza makosa haya. Ya kwanza inatazama mikono. Vitufe viwili vya mkono mmoja vikigusana ndani ya muda wa kusubiri, kibodi inachukulia kuwa ni herufi. Amri inakubaliwa pale tu kitufe cha pili kikiwa cha mkono wa pili. QMK inaiita `CHORDAL_HOLD`, na kibodi isipoelezwa kitufe kipi ni cha mkono upi, hukisia kwa umbo lake. Kinga ya pili inatazama mwendo. Kitufe chenye kazi mbili kikishuka muda mfupi sana baada ya herufi iliyotangulia, kibodi inajua uko katikati ya neno, kwa hiyo inatoa herufi papo hapo bila kusubiri chochote. Hiyo inaitwa `FLOW_TAP_TERM`, na wengi huiweka kwenye 150.

Hii ya pili inasifiwa sana, lakini fanya hesabu kidogo. Kipimo cha kasi ya kuandika huhesabu neno kuwa herufi tano. Milisekunde 150 kati ya herufi na herufi ni sawa na maneno 80 kwa dakika. Anayeandika maneno 40 kwa dakika ana wastani wa milisekunde 300 kati ya herufi, kwa hiyo kinga hii haimfikii isipokuwa pale vidole vinapokimbia kwa bahati. Na hata mwandishi wa kasi huwa na mwanzo wa sentensi, baada ya kufikiri, ambapo hakuna herufi ya karibu iliyotangulia. Hapo ndipo "alisema" inapokaa.

Sasa turudi kwenye Kiswahili, na kibodi yetu ya kawaida ya QWERTY. Herufi a ndiyo inayojitokeza kuliko zote katika lugha yetu, na iko kushoto. Konsonanti tunazoziunganisha nayo kila mara, yaani k, l, m, n, h, j, p na y, zote ziko kulia. Silabi zetu ni konsonanti na irabu, konsonanti na irabu. Matokeo yake, "ka", "la", "ma", "na", "ha", "ja", "pa" na "ya" zote zinavuka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kinga ya mikono, ambayo kazi yake ni kuokoa herufi za mkono mmoja, inazitazama silabi hizi na kuona kitu kinachofanana kabisa na amri.

Angalia viambishi vya nafsi ya tatu, ambavyo mwandishi wa habari au wa hadithi hawezi kukwepa hata aya moja. Ukiwa na Win kwenye A, "ali-" inaweza kuzaa Win na L, skrini inafungwa. "Ame-" inazaa Win na M, madirisha yote yanajishusha chini. "Ana-" inazaa Win na N, ambayo kwenye Windows 11 inafungua kalenda na taarifa. "Aka-" inazaa Win na K, kompyuta inaanza kutafuta televisheni ya kurushia picha. Katika familia hii, "ata-" ndiyo inayopona, kwa sababu A na T ni za mkono mmoja. Wakati ujao uko salama; wakati uliopita na uliopo ni bahati nasibu.

Upande wa kulia mambo ni mazito zaidi, maana Ctrl iko kwenye K. "Ka" ikikisiwa vibaya inakuwa Ctrl na A, amri ya kuchagua andiko lote. Herufi inayofuata inachukua nafasi ya kila kilichochaguliwa. Ndiyo maana "kazi" inaacha "zi", na "kama" ingeacha "ma". Dawa ni kubonyeza Ctrl na Z papo hapo, na andiko linarudi, lakini mwandishi asiyejua kilichotokea anaweza kuendelea kuandika sentensi nzima huku macho yako kwenye daftari. "Kwa" nayo ni Ctrl na W, amri ya kufunga ukurasa wa kivinjari au hati ya Word. Word itakuuliza kama uhifadhi. Fomu uliyokuwa ukiijaza mtandaoni inaweza isikuulize kitu.

Waliobuni mpangilio huu hawakukosea. Waliandika lugha nyingine. Kwa Kiingereza K ni herufi adimu kiasi, kwa hiyo kuipa Ctrl ni jambo la busara. Kwetu K iko kila mahali: kwa, kama, kila, kuna, kiti, katika. Kuiweka amri hatari juu ya kitufe kinachogongwa hivyo ni kutafuta balaa.

Lakini Kiswahili kinatoa pia kitu ambacho waandishi wa Kiingereza hawana. Q na X hazitumiki katika maneno yetu. Kwa anayeandika Kiswahili, vitufe hivyo viwili vimekaa bure, na kitufe ambacho hakigongwi hakiwezi kukosewa. Nukta mkato vilevile huonekana kwa nadra. Kwa hiyo kanuni ninayopendekeza ni kuacha A, K na L zibaki herufi tupu, zisipewe kazi ya pili kabisa, na kupeleka amri za hatari kwenye vitufe tusivyovigusa. Win iende kwenye Q. Ctrl ya kulia iende kwenye nukta mkato. Shift ibaki kwenye F na J, kwa sababu kosa la Shift halivunji kitu: "jambo" inatoka "Ambo", unacheka, unasahihisha. Alt ibaki kwenye S, na Ctrl ya kushoto kwenye D. Hiyo D bado inaweza kuteleza, "di" ikageuka Ctrl na I, maandishi yakalala italiki. Huo ni usumbufu, si hasara. "Da" inaokolewa na kinga ya mikono.

Kwenye faili ya QMK iitwayo `keymap.c`, vitufe hivyo sita vinaandikwa hivi:

```c
LGUI_T(KC_Q)
LALT_T(KC_S)  LCTL_T(KC_D)  LSFT_T(KC_F)
RSFT_T(KC_J)  RCTL_T(KC_SCLN)
```

Kila kimoja kinawekwa mahali pa herufi yake katika orodha ya vitufe, na vinavyobaki haviguswi. Kanuni nazo zinaingia kwenye `config.h`:

```c
#define TAPPING_TERM 200
#define PERMISSIVE_HOLD
#define CHORDAL_HOLD
```

Nimeiacha `FLOW_TAP_TERM` nje kwa makusudi. Anayeandika kasi ya maneno 80 na kuendelea aiongeze, lakini ajue ina dalili yake. Mtu anaandika "Juma na Fatuma". Amegonga kitufe cha nafasi baada ya "na", na papo hapo anashusha J ili ipate kuwa Shift ya F. Kibodi inaona J imeifuata nafasi ndani ya milisekunde 150, inaamua uko mwendoni, inatoa herufi. Kinachotokea ni "jfatuma". Ukiona majina ya watu yanaanza na j au f ndogo isiyo na kazi, kosa ni hilo, na dawa ni kuitoa Shift katika kanuni hiyo au kuupunguza muda wake.

Dalili hiyohiyo inaweza kutoka mahali pengine, bila kinga ya mwendo kuwashwa: umeachia J mapema, kabla F haijapanda. Hapa kibodi haina kosa. Mkono unajifunza kumwacha J apande wa mwisho, na hilo huja baada ya muda, ingawa wiki za mwanzo zinaudhi kweli. Kasi inashuka, na ndiyo sababu watu wengi huacha kabla hawajazoea.

Kuna gharama nyingine ambazo hazikwepeki. Herufi yenye kazi mbili huonekana kwenye skrini unapoiachia, si unapoibonyeza, kwa hiyo macho makali yanaona kuchelewa kidogo. Anayeandika ujumbe wa "sanaaaa" kwa kushikilia A hana shida katika mpangilio wangu, maana A ni tupu. Lakini anayetaka "sssss" lazima agonge S mara moja kisha aibonyeze tena upesi na kuishikilia. Michezo inayotumia W A S D kutembea inavurugika, kwani S na D zinageuka Alt na Ctrl mchezaji anapozishikilia, hivyo inafaa kutenga mpangilio wa pili wa michezo, wenye herufi tupu, na kitufe cha kuuwasha. Panya nayo ni tatizo: ukishikilia D na kubofya kabla ya milisekunde 200, kibodi haijui kwamba panya imebofywa, kwa hiyo Ctrl inachelewa kufika na mbofyo unapita bila hiyo. Na Ctrl pamoja na C kwa mkono wa kushoto peke yake, wakati wa kulia umeshika panya, inadai usubiri D ikomae kwanza, au uipate Ctrl kwenye nukta mkato.

Asiye na kibodi ya QMK anaweza kulijaribu jambo hili kwenye kompyuta mpakato yoyote. Iko programu ya bure iitwayo Kanata, inayofanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, na inafanya ukisiaji uleule kwa kutumia faili fupi la maandishi. Ningeanza na Shift mbili tu:

```
(defcfg process-unmapped-keys yes)
(defsrc f j)
(defalias
  f (tap-hold-release 200 200 f lsft)
  j (tap-hold-release 200 200 j rsft))
(deflayer msingi @f @j)
```

Mstari wa kwanza unaiambia programu ifuatilie vitufe vyote, hata vile visivyotajwa, la sivyo haitajua kwamba herufi nyingine imeshuka ndani ya F. Namba ya kwanza ni muda wa kugonga mara ya pili ili herufi ijirudie, na ya pili ni ule muda wa kusubiri. Neno `tap-hold-release` ndiyo ile kanuni ya kushuka na kupanda ndani. Usanidi huu hauna kinga ya mikono, kwa hiyo tazama "kufanya" na "jana": zikianza kutoka "kuAnya" na "Ana", kidole chako kinakawia kupanda. Ukipandisha namba ya pili peke yake hutapata nafuu, kwa sababu kosa hilo halitokani na saa. Ukibadili `tap-hold-release` iwe `tap-hold`, kosa linatoweka, na badala yake utalazimika kusubiri kidogo kwa kila herufi kubwa. Jaribu zote mbili kwa aya ileile ya Kiswahili uliyoiandika mwenyewe, si kwa sentensi za majaribio za lugha nyingine.

Vitufe vikikwama, au kibodi ikianza kutoa mambo usiyoyaelewa, bonyeza kwa pamoja Ctrl ya kushoto, kitufe cha nafasi na Esc. Kanata inajizima, na F inarudi kuwa F.